Kabla ya Uji

Jumatatu, 10 Februari 2025

Kipindi cha tatu tena. Cha kwanza kinakwenda vizuri, cha pili kinavumilika, cha tatu darasa linanitoka mikononi. Leo K. kaandika mistari miwili, kashuka chini ya dawati, katokea upande wa pili, kashika kifutio cha jirani, kakitazama, karudi kwake. Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu. Anahama tu. Nikimwita jina anakaa, na papo hapo watoto watano waliokuwa wameinamia daftari wanainua vichwa kutazama kaitiwa nini. Kwa hiyo kumwita nako kunaniharibia.

Najaribu kujiwekea mwenyewe hesabu ya asubuhi yao. Wa kule juu mlimani wanaamka saa kumi na moja. Wanateremka kwa miguu. Usafi, gwaride, halafu saa mbili kamili kitako, watatu watatu kwenye dawati, mpaka uji saa nne. Vipindi vinne vya nusu saa, mfululizo. Katikati hakuna kitu. Mtoto wa miaka saba.

Na K. ndiye anayeonekana, lakini leo nimeangalia miguu chini ya madawati. Yote ilikuwa inacheza.

Jumanne, 11 Februari

Nimeanza kuweka alama. Nimepiga mistari kwenye karatasi na kuificha ndani ya kitabu cha mwongozo. Kila dakika, mshale wa saa ukipita juu, nainua macho, namtazama K. sekunde ile ile: yumo kwenye kazi au hayumo. Siangalii alichofanya kabla wala baada. Sekunde ile tu, basi, alama. Kipindi kina alama thelathini.

Kipindi cha kwanza: yumo 22. Cha tatu: yumo 11. Na hizo 11 karibu zote ziko mwanzoni. Baada ya dakika ya kumi na mbili karatasi ni "hayumo, hayumo, hayumo" hadi kengele.

Nimemwekea alama na binti mmoja mtulivu wa dawati la mbele. Bila yeye nisingejua kama tatizo ni K. au ni somo langu kuchosha. Binti: 28 kipindi cha kwanza, 21 cha tatu. Kumbe naye anashuka. Yeye anashuka kimya, anatazama ubao na macho yamelala. Huyo hakuna anayemwita jina.

Jumatano, 12 Februari

Usiku nimefungua daftari la mafunzo ya elimu maalumu, yale ya wiki mbili. Niliandika mengi siku zile na mengi sikuyafungua tena.

Mambo mawili yamenishika. Moja ni la Marekani, jimbo la Karolina Kaskazini, lilichapishwa mwaka 2006: watoto wa darasa la tatu na la nne walipewa mazoezi ya dakika kama kumi kwa siku, mle mle darasani, wakiongozwa na mwalimu wao. Utulivu kazini uliongezeka baada ya mazoezi, na walioongezeka zaidi ni wale waliokuwa hawatulii kabisa. Nimepigia mstari chini ya hapo mara mbili. La pili ni la Kanada, mwaka 2014, darasa la pili na la nne: dakika nne tu. Sekunde ishirini mtoto anajituma kwa nguvu, kumi anapumua, tena ishirini, tena kumi, mara nane. Nao wakakuta kutangatanga kumepungua.

Dakika nne ninazo. Kumi sina. Kipindi cha dakika thelathini ukikikata kumi, mwalimu wa taaluma atakuwa mlangoni kabla sijamaliza sentensi.

Ila wao walikuwa na watoto wangapi, na chumba cha ukubwa gani? Mimi nina 84.

Alhamisi, 13 Februari

Nilibaki darasani baada ya watoto kuondoka, nikapima kwa hatua. Kati ya dawati na dawati panapita mtoto mmoja kwa ubavu. Mbele kuna kipande cha sakafu iliyobomoka, ukirukia pale unatimua vumbi, na wapo wawili wenye pumu. Kutoka nje? Nimehesabu kwa saa jana walipokwenda mpirani: kutoka, kupanga mstari, kurudi, kunyamaza, dakika tisa zimeisha bila mtu kukimbia hata hatua moja.

Basi ni ndani, na ni papo hapo mtoto alipo.

Kwenye dawati la watatu, wa pembeni wawili wanaweza kusimama kwenye njia. Wa katikati hana pa kwenda. Lakini akisimama ndani ya dawati, kati ya benchi na meza, anaweza kufanya vya mikono na kiwiliwili. Kwa hiyo mawimbi mawili: raundi moja wa pembeni wanafanya vya miguu na wa katikati vya mikono, raundi inayofuata wa katikati anatoka njiani na mmoja wa pembeni anaingia. Kubadilishana kwenyewe ni mwendo.

Na hakuna kuruka. Kupiga goti juu, kuchuchumaa nusu kama anayetaka kukaa kwenye kigoda ambacho hakipo, kurusha ngumi juu, kugusa goti la kushoto kwa mkono wa kulia na kubadili. Hilo la mwisho wapo wanaosema huunganisha pande mbili za ubongo mtoto akawa msomaji bora. Halijathibitishwa, na mimi silitumii kwa hilo. Nalitumia kwa sababu halihitaji nafasi na linamlazimu mtoto kufikiri kidogo mkono upi uende wapi.

Kalamu za risasi kwanza. Zote katikati ya meza, ncha zisimwelekee mtu. Mtoto anayerusha ngumi na penseli mkononi, jicho la mwenzake liko pale pale.

Ijumaa, 14 Februari

Leo tumefanya. Saa tatu kamili, baada ya kusoma, kabla ya kuandika.

Walicheka sana. Nimewaacha wacheke. K. alipiga magoti juu hadi benchi likatingishika. Kicheko kilikula muda mrefu kuliko mazoezi, na kukaa tena kukala muda wake. Lakini ni siku ya kwanza, kitu kipya lazima kichekeshe. Sitaweka alama wiki hii wala wiki ijayo yote, zitanidanganya. Wanapaswa kulizoea kwanza mpaka lisiwe tukio.

Furaha yangu leo ni moja: yule binti mtulivu alikuwa amefumbua macho.

Jumatatu, 17 Februari

Mkondo B wamesikia kelele zetu Ijumaa, nao leo wameanza za kwao. Madam wao amewatoa uwanjani, mashindano: dawati na dawati, kukimbia hadi mwembe na kurudi, washindi wapigiwe makofi. Nilisimama dirishani kuona. Watoto walifurahi kweli kweli.

Halafu wakarudi darasani. Hapo ndipo nilipoangalia vizuri. Uso mwekundu wa jua, jasho, wawili wanalia kwa kushindwa, mmoja anadai aliponzwa kwa kusukumwa, na wale walioshinda bado wanashindana kwa maneno. Kengele ya kipindi cha nne ililia Madam bado anasuluhisha. "Mwalimu, hivi vitu vyako vinaamsha mashetani," akaniambia.

Ameniambia kwa uchungu, na simlaumu. Lakini nimeona kilichotokea. Mwili uliamshwa na haukushushwa. Na ushindani unaacha deni, mtoto anarudi kwenye dawati na kesi kichwani. Kwa watoto kama K. ndiyo mbaya zaidi, wao kuwaka ni rahisi, kuzima ndiko kazi. Mazoezi ya kukimbia mwembeni yana mahali pake, saa sita, wakiwa wanakwenda nyumbani. Kati ya kusoma na kuandika, hapana.

Jumatano, 19 Februari

Mkia. Nimetafuta mkia wa kuwashusha siku mbili hizi.

Kinachowashusha ni kusukuma. Nilikiona kwa K. mwenyewe: siku nikimwambia asogeze madawati kwa ajili ya usafi, anarudi mtulivu. Kazi nzito ya misuli, ya polepole, haina mbio. Kwenye mafunzo tuliambiwa wale wa tiba kwa vitendo wanaitumia sana kwa watoto wasiotulia. Kwa hiyo mwisho wa dakika nne sasa uko hivi. Viganja juu ya meza, bonyeza chini kana kwamba unataka kuizamisha, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Achia. Viganja viwili vikutane kifuani, sukumana, hadi kumi. Achia. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo polepole, mara tatu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kaa.

Na kuna la pili nimelifanya, nadhani ndilo lililosaidia zaidi. Kazi ya kwanza inakuwa imeshaandikwa ubaoni kabla hatujasimama. Ndogo mno, neno moja la kunakili na kupigia mstari silabi ya kwanza. Akikaa tu mkono una pa kwenda. Siku zile nilizokuwa nageuka kuandika ubaoni wao wameshakaa, zile sekunde arobaini za mgongo wangu ndizo zilizokuwa zinapoteza kila kitu.

Leo kutoka "kaeni" hadi darasa zima kuandika: chini ya dakika moja. Nimeangalia saa mara mbili kuhakikisha.

Ijumaa, 21 Februari

Chai ya walimu. Mazungumzo yamenikaa kooni mpaka sasa.

Mwenzangu mmoja, mtu mwema, anawapenda watoto, kasema: "Mimi nimeipenda hiyo ya dakika nne, Mwalimu. Asiyetulia kipindi cha pili, namwacha amekaa wenzake wakicheza. Atajifunza." Na wengine wakaitikia.

Nikamuuliza, kipindi cha pili nani huwa hatulii? Kila siku ni walewale watatu, akasema. Basi ndio hao hao kila siku watakaokaa. Waliotulia, ambao wangeweza kwenda hadi saa nne bila kitu, ndio watakaonyooshwa viungo. Ni kama kumnyang'anya mwenye homa blanketi kwa sababu anatetemeka.

Alinyamaza. Hakukubali, lakini hakubisha. Akasema, "Lakini lazima wawe na adhabu." Nikasema adhabu iwe kitu kingine, asafishe ubao, abaki kukusanya madaftari, ambavyo hata hivyo ni mwendo. Hii isiguswe. Si zawadi na si adhabu, ni kama kengele, ikifika imefika.

Natamani ningekuwa na maneno laini zaidi pale mezani. Ila nililosema nalisema tena hapa.

Jumanne, 25 Februari

N. Mama yake aliniambia Januari ana selimundu, anahudhuria kliniki. Nimekuwa namwangalia kuliko wote.

Mtoto wa selimundu anaruhusiwa kujinyoosha, hapaswi kufungiwa kama yai. Kisichofaa ni kujituma hadi kuishiwa pumzi, kukauka maji na kupigwa na baridi. Raundi nane za nguvu si zake. Lakini nikimwambia "wewe kaa," kesho kila mtoto atajua N. ana kitu.

Kwa hiyo dawati lao zima, watatu wote, ndilo dawati la mikono. Wanafanya vya kukaa: kufungua na kufumba viganja juu ya kichwa, kuzungusha mabega, kusukumana viganja. Wenzake wawili wanaona ni cheo, na mtoto wa dawati la pili aliyevunjika mguu likizo kaomba kuhamia huko. Nikamhamisha. Chupa ya maji ya N. iko mezani muda wote, anakunywa kabla na baada. Nimemwambia, na nimemrudia: ukisikia maumivu mguuni, mkononi, kifuani, au pumzi inakata, unaniinulia mkono hapo hapo, huombi ruhusa ya kuacha.

Leo hakuinua. Alikuwa anatabasamu.

Ijumaa, 28 Februari

Jana nilikuwa kwenye kikao halmashauri, mwenzangu akanishikia darasa. Kaniambia kwa nia njema kabisa: "Walianza kelele saa tatu kasoro ishirini, nikawapa mazoezi yako, wakanyamaza."

Leo saa tatu kasoro ishirini. Kelele. Na si kelele ya kuchoka, wanapiga meza huku wananitazama mimi usoni. Siku moja tu! Wamejifunza haraka kuliko silabi za "mb" na "nd" ambazo tumezihangaikia tangu Jumatatu.

Nimeendelea na somo kana kwamba sisikii. Saa tatu kamili, ndiyo, tumesimama. Saa ndiyo inayotoa ruhusa. Nitalibandika hilo nyuma ya mlango kwa yeyote atakayenishikia darasa: saa 3:00 dakika nne, wametulia au hawajatulia.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani imeingia. Watoto wa darasa la pili wengi hawafungi, lakini wapo wawili watatu wanaojaribu nusu siku na hawataki kuambiwa ni wadogo. Nimewaona asubuhi, midomo mikavu, fahari usoni.

Raundi nane zimekuwa nne mwezi huu, na mkia ule ule. Kwa wote, nisiwatenge. Nikaogopa kupunguza kutaharibu. Mpaka leo haikuharibu. Labda sehemu ya faida haiko kwenye jasho kabisa, iko kwenye kuacha tu: macho yanatoka kwenye herufi, matako yanatoka kwenye ubao wa benchi, kazi inabadilika. Sijui ni kiasi gani ni jasho na ni kiasi gani ni kubadilisha. Kwa darasa langu vyote viwili vinakwenda pamoja.

Mwalimu wa taaluma kapita akashauri tuchanganye na hesabu, wapige magoti wakihesabu kwa mbili mbili, "ili muda usipotee". Nimemjibu kwa heshima kwamba nitafanya hivyo kwenye kipindi cha kuhesabu chenyewe, na huko itafaa. Hapa nataka kichwa kipumzike. Ukiwawekea hesabu, wale wasiojua kuhesabu kwa mbili wanasimama wakiwaangalia wenzao midomo, magoti hayainuki, na dakika nne zinakuwa mtihani mwingine wa kushindwa.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua! Imeanza saa mbili na nusu, bati likapiga kelele mpaka nisijisikie mwenyewe. Siku kama hizi huwa naandika ubaoni tu na kusali.

Saa tatu nikasimama mbele, nikainua mikono miwili. Sikusema kitu, ningesema nani angesikia. Wakafunga madaftari. Penseli katikati. Nikapiga goti langu, wakapiga. Nikafumba kiganja, wakaacha. Kubadilishana nafasi kwa kidole. Wote 84, kimya chao na kelele ya bati, wananifuata kwa macho. Mkia pia, kila mtu anabonyeza meza, nahesabu kwa vidole juu. Walipokaa, mvua bado inapiga, na walikuwa wakinitazama bado. K. pia.

Sijawahi kuwapata kwa macho namna ile nikiwa natumia sauti. Kesho hata kama jua linawaka nitafanya kwa ishara. Na mkondo B hawatasikia kitu, Madam atapata amani yake.

Jumatatu, 17 Machi

Alama tena, baada ya mwezi. Kipindi cha tatu, kuandika, saa ile ile, somo la aina ile ile, ili nisilinganishe embe na nanasi.

K. yumo 19. Alikuwa 11. Nimemwekea tena siku nyingine mbili wiki iliyopita, moja 18, moja 13. Ile ya 13 alikuja na jeraha kisigino, usiku hakulala. Binti mtulivu 26.

Nimefurahi, na nataka niandike ilivyo, nisiipambe. Kumi na tisa kati ya thelathini maana yake dakika kumi na moja bado hayumo. Na kipindi cha nne ameshuka tena kabisa, kuanzia saa tatu na nusu faida imekwisha. Dakika nne zinanunua nusu saa hivi, hazinunui asubuhi. Kwa hiyo kesho naongeza kazoezi kadogo saa tatu na nusu, dakika moja, kusukuma meza na pumzi tu.

Sasa M. Huyu ndiye ananisumbua usiku huu. Nilimwekea alama naye tangu mwanzo, kwa sababu naye hatulii. Kabla 12, leo 12. Hakusogea hata kidogo. Anafanya mazoezi vizuri, anashuka vizuri, anakaa, anaanza, na baada ya dakika tatu anageukia daftari la mwenzake.

Nimeangalia karatasi zake upya. Kipindi cha kusoma kitabuni yumo 24. Hadithi ya kusikiliza, yumo muda wote, anajibu wa kwanza. Kinachomshinda ni kunakili kutoka ubaoni, peke yake. Anakaa dawati la nyuma. Anaruka mistari, anaandika "n" kwa "m".

Huyo hahitaji kusukuma meza. Huyo haoni.

Jumanne, 18 Machi

M. yuko mbele, hatua mbili kutoka ubaoni. Kipindi cha tatu yumo 23. Nimemwandikia baba yake barua ampeleke kliniki ya macho, nimeandika na siku zenyewe asije akasema hakujua.

Miezi miwili kila mtu shuleni amekuwa akimwita mtundu.

Ninachojiwekea ni hiki: mtoto ambaye mwendo haumbadilishi hata chembe baada ya wiki kadhaa, nimtafutie macho, masikio, usingizi, njaa. Wawili wengine ninao wa kuwatazama hivyo. Mmoja nadhani ni njaa, kwa sababu baada ya uji anakuwa mtu mwingine.

Jumatano, 19 Machi

Bibi yake K. amekuja. Hakuitwa, amekuja mwenyewe, na kanga mbili na mfuko wa maboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Mjukuu wangu ananisukumia meza ya chakula kila akimaliza kula. Anasema ni ya Mwalimu."

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema nyumbani anakula akizunguka na sahani, kulala mpaka achoke, baba yake alikuwa hivyo hivyo, na walimu wa baba yake walimchapa mpaka akaacha shule darasa la nne. Alisema hayo bila kupandisha sauti. Nikashindwa kujibu kwa muda.

Akauliza kama hii itamponya. Nikamwambia kweli: hapana, bibi, hii inamsaidia nusu saa, halafu tunampa nyingine. Kama ni ule ugonjwa wa umakini, wa kuuthibitisha ni daktari, mimi siwezi kusema, na nikamtajia kwamba hospitali ya mkoa ndipo pa kuanzia. Akauliza nyumbani afanye nini. Kazi za kubeba, nikasema, ndoo ndogo ya maji, kuni, kabla ya kumkalisha kwenye daftari, si baada. Na daftari kidogo kidogo, ukurasa nusu, asimame, nusu.

"Ndoo anabeba," akasema. "Huwa namtuma akimaliza kusoma. Nitageuza."

Alhamisi, 20 Machi

Madam wa mkondo B kasimama mlangoni saa tatu, kaona raundi zote, za kimya, na mkia. Hakusema kitu. Saa sita kaja kuniomba ule mpangilio wa kuandika kazi ubaoni kabla. Nimempa karatasi yangu, pamoja na ya mawimbi mawili, yeye ana 91.

Ijumaa, 21 Machi

Kale ka saa tatu na nusu kanafaa. K. kipindi cha nne 16, jana na leo. Naendelea.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni mwakani. Darasa la tatu vipindi ni vya dakika arobaini, na kila somo na mwalimu wake. Anatoka huyu anaingia yule, hakuna mwenye asubuhi nzima mkononi kama mimi. Nani atashika ile saa tatu? Kila mwalimu ataona dakika nne zinatoka kwenye somo lake yeye.

Nimeshamwomba mwalimu mkuu anipe dakika kumi kwenye kikao cha kufunga shule kwa likizo fupi. Nitakwenda na karatasi za alama, za K., za binti mtulivu, na za M. pia. Pendekezo langu ni kwamba dakika hizo zitoke kwenye ratiba yenyewe: dakika mbili mwisho wa kipindi cha pili, dakika mbili mwanzo wa cha tatu, ziandikwe ukutani, na anayetoka aanzishe kwa ishara, anayeingia amalizie na mkia. Anayeingia ndiye atakayefaidi, kwa hiyo mkia uwe wake. Jumatatu nitazungumza kwanza na mwalimu wa hisabati wa darasa la tatu, peke yake, kabla ya kikao. Akikubali yeye, wengine watafuata.